Pesa Imeingia, Mwenyewe Hajulikani

Kampuni inapomwambia mteja "hatujaona malipo yako", mara nyingi haimaanishi kwamba pesa haikufika. Mhasibu amefungua ukurasa wa mteja huyo kwenye hesabu zake na kukuta mwezi ule uko wazi, basi. Pesa yenyewe inaweza kuwa imeshaingia kwenye akaunti ya kampuni siku nyingi, imo kwenye salio, ila imewekwa kando pamoja na fedha nyingine ambazo mwenyewe hajulikani. Wahasibu wana akaunti maalumu ya kuzihifadhi fedha za namna hiyo. Wengine huiita akaunti ya muda, wengine saspensi. Pesa inaweza kukaa humo wiki, miezi, hata mwaka, huku mteja akipigiwa simu za kudaiwa.

Hapo ndipo watu wawili wasio na nia mbaya huanza kugombana, kwa sababu kila mmoja anajibu swali lake. Mteja anathibitisha kwamba pesa imetoka kwake. Mhasibu anataka kujua kitu kingine: katika fedha zote zilizoingia, ni ipi ya huyu? Kuthibitisha malipo kuna sehemu mbili, nazo hazifanani. Sehemu ya kwanza ni kuonyesha kwamba pesa ilifika kwenye akaunti sahihi ya kampuni. Ya pili ni kuonyesha kwamba pesa hiyo hasa ililipwa kwa ajili ya deni lako, si la mtu mwingine. Namba ya kumbukumbu ikiandikwa wakati wa kulipa, inabeba sehemu zote mbili. Ikikosekana, kila sehemu inadai ushahidi wake.

Tuchukue mfano tuufuate hadi mwisho. Kampuni moja inauza viwanja Kigamboni kwa awamu. Viwanja vya mradi huo vina ukubwa mmoja na bei moja, kwa hiyo kila mnunuzi analipa shilingi 450,000 kwa mwezi, kabla ya tarehe 8. Kila mkataba una namba yake, na mnunuzi ameelekezwa aiandike namba hiyo kila anapolipa. Mmoja wa wanunuzi ni mwalimu anayefanya kazi Tabora. Machi 2025 mshahara ulichelewa, akamwomba kaka yake aliyeko Dar es Salaam amlipie. Kaka akatuma kwa simu kutoka akaunti yake mwenyewe, iliyo katika benki tofauti na ya kampuni. Ilikuwa Ijumaa jioni, tarehe 7. Kwenye nafasi ya maelezo aliandika neno moja: kiwanja.

Jumatatu, mhasibu wa kampuni akafungua taarifa ya benki akakuta mstari wa namna hii:

```
10/03/2025  INW TRF  FT25069B7K2M  KIWANJA  450,000.00 CR
```

Tuutazame mstari huu kwa macho ya mhasibu. Hauna jina la mwalimu, kwa sababu mwalimu hakulipa yeye. Taarifa ya benki aliyopewa mhasibu haionyeshi hata jina la kaka. Taarifa nyingi za kampuni huonyesha maelezo mafupi tu, na jina la aliyetuma linabaki ndani ya mfumo wa benki mpaka mtu aliombe. Neno "kiwanja" halimsaidii, maana kampuni nzima inauza viwanja. Kiasi nacho hakimsaidii, maana kila mnunuzi analipa 450,000. Siku hiyo zimeingia 450,000 nne. Mbili zina namba ya mkataba, moja ina jina la mnunuzi, na ya nne ni hii. Tatu zinakwenda kwa wenyewe. Ya nne inakwenda saspensi.

Msomaji atauliza kwa nini mhasibu asiangalie nani hajalipa Machi kisha ampe pesa hiyo. Ni kwa sababu ambao hawajalipa wako watatu. Akimpa asiyestahili, anakuwa ametengeneza makosa mawili kwa mkupuo: mmoja amesamehewa deni ambalo hakulipa, na mwingine anadaiwa pesa aliyolipa. Kosa la namna hiyo ni gumu kulifuta, kwa sababu yule aliyependelewa atakuwa na stakabadhi halali mkononi. Mhasibu anayekataa kukisia anamlinda mteja aliyelipa kweli, hata kama mteja huyo hamwelewi siku ile.

Kuna sababu nyingine ambayo wateja hawaambiwi. Pesa isiyo na mwenyewe huvutia watu. Kampuni ikitangaza kwamba imepokea 450,000 tarehe 10 kutoka benki fulani, na maelezo yake ni "kiwanja", haitachukua muda kabla ya mtu asiyehusika kuja kudai ni yake, tena na picha ya simu aliyoitengeneza vizuri. Kwa hiyo kampuni makini haikwambii inachokiona. Inasubiri wewe useme, kisha inalinganisha. Mteja anaona kama anafichwa, lakini ukimya huo ndio kinga yake. Tumia hali hiyo kwa faida yako: mweleze mhasibu mambo ambayo yako kwenye mstari wake na ambayo mtu wa nje hawezi kuyajua. Taja neno lililoandikwa kwenye maelezo, benki iliyotuma, jina la mwenye akaunti, saa pesa ilipotumwa.

Mwalimu wetu hakuanza hivyo. Alimwomba kaka amtumie picha ya skrini, naye akaisukuma kwa mhasibu kwa WhatsApp. Picha ilionyesha kwamba muamala umefanikiwa, tarehe 7 Machi, shilingi 450,000, namba FT25066 na herufi nyingine tano. Mhasibu akaangalia tarehe 7, hakukuta kitu. Akatafuta namba ile kwenye taarifa yake, hakukuta kitu. Akajibu: hatuoni. Kila mmoja alikuwa anasema kweli.

Kwanza, tarehe. Benki ya kaka ilikata pesa Ijumaa. Uhamisho kati ya benki na benki unaweza kupita njia mbalimbali. TISS, mfumo wa Benki Kuu ulioanza kazi mwaka 2004, huhamisha malipo moja moja papo hapo, na ndiyo njia ya kawaida ya fedha nyingi. Miamala midogo inaweza kwenda kwa TIPS, ambao ni mfumo wa malipo ya papo kwa papo, au ikakusanywa na kuchakatwa kwa mafungu siku za kazi. Muamala wa Ijumaa jioni uliopita njia ya mafungu unaingia upande wa pili Jumatatu. Kwa hiyo unapomwomba mtu akutafutie malipo, usimpe tarehe moja. Mwambie atafute kuanzia siku uliyotuma hadi siku tatu au nne za kazi zilizofuata.

Pili, namba. Hapa ndipo wengi hupotea, nami naona panastahili kuelezwa taratibu. Benki nyingi hutumia mfumo wa hesabu unaotoa namba za miamala zinazoanza na FT. Tarakimu mbili zinazofuata ni mwaka, na tatu baada yake ni siku ya mwaka kuanzia Januari mosi. FT25066 ni siku ya 66 ya mwaka 2025, yaani Machi 7. FT25069 kwenye taarifa ya kampuni ni siku ya 69, yaani Machi 10. Ni pesa ile ile, lakini kila benki imeipa namba yake, moja ilipotoka na nyingine ilipoingia. Mhasibu wa Kigamboni hawezi kuipata FT25066 kwenye taarifa yake hata akiitafuta mwaka mzima, kwa sababu namba hiyo inaishi ndani ya benki ya kaka peke yake.

Kati ya namba hizo mbili kuna ya tatu: namba iliyosafiri na ujumbe wa malipo kutoka benki moja kwenda nyingine. Benki ya kaka inayo kwa sababu ndiyo iliyoituma, na benki ya kampuni inayo kwa sababu ndiyo iliyoipokea. Hiyo ndiyo namba ya kuitafuta. Nenda tawini au piga simu huduma kwa wateja, useme wazi: "Naomba namba ya muamala iliyotumwa kwa benki ya mpokeaji, siyo namba yenu ya ndani." Mhudumu wa dirishani anaweza asikuelewe mara moja, mwombe akupeleke kwa kitengo cha malipo. Ukishaipata, mpe mhasibu wa kampuni, naye ataiwasilisha kwa benki yake. Benki ile itaiona namba hiyo na kumwambia: ndiyo, hii ndiyo iliyoingia Machi 10 kama FT25069B7K2M, na aliyetuma ni fulani. Sehemu ya kwanza ya uthibitisho imekamilika, tena imethibitishwa na benki ya kampuni yenyewe.

Kabla ya safari hiyo kuna mambo mawili ya kuangalia nyumbani. La kwanza ni namba ya akaunti uliyolipia. Ilinganishe na ya kwenye mkataba tarakimu kwa tarakimu. Kampuni ikiwa na akaunti tatu katika benki tofauti, pesa yako inaweza kuwa imeingia kwenye ile ambayo mhasibu wa viwanja haiangalii, na hilo humalizwa kwa simu moja. Lakini kama namba ile haimo kabisa kwenye mkataba, labda uliletewa kwa barua pepe au ujumbe uliosema "tumebadilisha benki", basi tatizo lako si kumbukumbu iliyokosekana. Huenda umetapeliwa. Saa ile ile iarifu benki iliyotuma ijaribu kuizuia pesa, na toa taarifa polisi. Ikiwa ulikosea tarakimu na pesa ikaingia kwa mtu mwingine, benki haiwezi kuichukua tu kwenye akaunti yake na kukurudishia. Kwa kawaida lazima mwenye akaunti akubali, au mahakama iamue. Kila siku unayochelewa inampa mtu huyo nafasi ya kuitoa.

La pili ni kuhakikisha pesa haikurudi. Uhamisho hukataliwa kwa sababu mbalimbali, na pesa hurejeshwa kimya kimya siku kadhaa baadaye. Kaka angeweza kuwa ameshaifuta picha ile akilini, asione kwamba 450,000 imerudi tarehe 12. Ndiyo maana mhasibu mzoefu haridhiki na taarifa ya benki ya siku ya malipo peke yake. Anataka inayoanzia siku hiyo hadi leo, ili aone pesa ilitoka na haikurejea. Ukimpelekea hiyo bila kuombwa, umemwondolea sababu moja ya kukurudisha nyuma.

Picha ya skrini ina thamani ndogo katika haya yote, na ni vizuri kujua kwa nini. Kwanza inaweza kughushiwa na mtu yeyote mwenye simu. Pili, hata ikiwa halisi, neno "Successful" kwenye skrini maana yake ni kwamba benki yako imepokea agizo lako. Halisemi chochote juu ya benki ya mpokeaji. Iweke kama kumbukumbu yako ya saa na namba, lakini ushahidi wa kupeleka ni taarifa ya akaunti iliyotolewa na benki na kugongwa mhuri, au barua ya benki. Barua nzuri inataja jina la aliyelipa, jina na namba ya akaunti ya aliyelipwa, benki yake, kiasi, tarehe pesa ilipotoka, namba iliyosafiri na ujumbe, na sentensi moja inayosema malipo hayajarudishwa. Benki inaweza kutoza ada kwa barua hiyo. Omba taarifa ya muamala huo mmoja au ya siku chache tu. Kampuni haina haja ya kujua mshahara wa kaka na matumizi yake. Na hakuna kampuni inayohitaji namba yako ya siri ili "kuyatafuta malipo". Anayeiomba anatafuta kitu kingine.

Sasa sehemu ya pili: pesa ni ya nani. Hata benki ya kampuni ikisema aliyetuma ni kaka, kaka hana mkataba na kampuni. Jina lake halimo popote. Kwa mhasibu, huyo ni mtu asiyejulikana aliyetuma 450,000, na kesho anaweza kuja kusema alikosea akaunti, arudishiwe. Kinachofunga mlango huo ni barua fupi ya mwenye akaunti mwenyewe. Anatamka kwamba malipo yale aliyafanya kwa niaba ya mteja fulani, kwa mkataba fulani, na kwamba hatayadai tena. Anasaini na kuambatanisha nakala ya kitambulisho chake. Mwalimu naye anaandika ya kwake. Maneno yanaweza kuwa haya:

"Naomba malipo ya shilingi 450,000 yaliyotumwa tarehe 7 Machi 2025 na kuingia kwenye akaunti yenu tarehe 10 Machi 2025 yaingizwe kwenye mkataba wangu namba (taja namba) kuwa awamu ya Machi. Malipo yalifanywa na kaka yangu kutoka akaunti yake, na sehemu ya maelezo iliandikwa 'kiwanja'. Nimeambatanisha taarifa ya benki yake kuanzia tarehe ya malipo hadi leo, namba ya muamala iliyotumwa kwa benki yenu, na barua yake ya kuthibitisha. Naomba stakabadhi, na taarifa mpya ya hesabu yangu ikionyesha malipo haya kwa tarehe yaliyopokelewa."

Hakuna lawama ndani yake, na kila sentensi inaweza kukaguliwa. Itume kwa barua pepe, au ipeleke ofisini ugongewe mhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako. Mazungumzo ya simu hayaachi alama, na mhasibu unayezungumza naye leo anaweza kuwa ameacha kazi Juni.

Sentensi ya mwisho ya barua hiyo, juu ya tarehe, ina uzito wa pesa. Kampuni nyingi za awamu hutoza faini kwa kuchelewa. Malipo yakitambuliwa Juni, mfumo unaweza kuyaandika kwa tarehe ya Juni, na faini ya miezi mitatu ikabaki pale pale. Hilo si haki, wala sioni namna ya kulitetea: pesa ilikuwa mikononi mwa kampuni tangu Machi 10, na kilichochelewa ni kuitambua. Hata hivyo mwalimu naye ajue mpaka wa haki yake. Tarehe ya mwisho ilikuwa kabla ya tarehe 8, na pesa iliingia tarehe 10. Mkataba usiposema vinginevyo, malipo ya benki huhesabiwa yanapofika kwa mdai, siyo yanapotoka kwa mdaiwa. Kampuni inaweza kushikilia faini ya siku hizo chache kama mkataba umeiweka, na akienda kubishana juu ya siku hizo anaweza kuidhoofisha hoja yake iliyo imara juu ya miezi mitatu.

Jambo moja zaidi linamhusu mteja mwenye mikataba miwili na kampuni hiyo hiyo. Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, inampa mdaiwa nafasi ya kusema pesa yake inalipa deni lipi. Asiposema, na hali yenyewe isipoonyesha, mdai anaweza kuielekeza kwenye deni lolote halali. Mtu mwenye viwanja viwili anayeandika "kiwanja" tu anaweza kukuta kampuni imeipeleka pesa kwenye kile cha zamani, huku alichokitaka kikiendelea kula faini.

Malipo kutoka nje ya nchi yana ugumu wake, na Waswahili wengi wanaonunua viwanja na kujenga wakiwa Maskati, Dubai au London wanaujua. Ugumu wa kwanza ni kwamba kiasi hubadilika njiani. Mtumaji anapochagua ada zigawanywe, yaani `SHA`, au zilipwe na mpokeaji, yaani `BEN`, benki za katikati zinaweza kukata chao kabla pesa haijafika. Umetuma dola 1,000. Kampuni imepokea 975. Mhasibu anatafuta 1,000 na hazioni. Ukichagua `OUR`, ada zote zinakuwa juu yako, na kiasi kina nafasi kubwa ya kufika kamili. Ugumu wa pili ni jina. Ukituma kupitia duka la kubadilisha fedha, jina linaloonekana kwenye taarifa ya kampuni linaweza kuwa la duka hilo badala ya lako.

Lakini malipo ya nje yana kitu kimoja ambacho natamani yale ya ndani yangekuwa nacho kwa uwazi ule ule. Tangu Novemba 2018, kila malipo ya mteja yanayopita mtandao wa SWIFT lazima yabebe namba moja inayoitwa `UETR`, yenye herufi na tarakimu 36 pamoja na vistari, ambayo haibadiliki kutoka benki ya kwanza hadi ya mwisho. Iombe benki yako nakala ya ujumbe wa malipo. Kwa miaka mingi ujumbe huo uliitwa `MT103`, na watu bado huuita hivyo. Wa mfumo mpya ni `pacs.008`. Utafute humo `UETR`, umpe mhasibu. Benki yake inaweza kuona pesa imepita wapi, imefika lini, na mara nyingi hata nani alikata kiasi gani. Ukikuta ndani ya ujumbe neno `NOTPROVIDED` mahali pa kumbukumbu, umepata chanzo cha matatizo yako: nafasi ya kumbukumbu iliachwa tupu ulipokuwa unatuma.

Kwa wakala wa benki hali ni nyingine. Anayeweka pesa ni wakala, kwa mashine yake, na jina lako liko pale tu ikiwa aliliandika. Ushahidi wako ni kile kikaratasi chembamba kinachotoka kwenye mashine, na karatasi ya aina hiyo hufifia kwa joto na mwanga. Baada ya miezi michache ndani ya pochi hubaki nyeupe. Ipige picha na kuitoa nakala siku hiyo hiyo. Kwa jirani zetu wa Kenya wanaolipa kwa PayBill, kazi ni nyepesi kidogo, maana kodi ya M-Pesa yenye herufi na tarakimu 10 inaonekana kwa mlipaji na kwa kampuni vilevile. Aliyekosea namba ya akaunti ya mteja lakini akapatia namba ya biashara aitaje kodi hiyo, na kampuni itauona muamala wake.

Ukishawasilisha yote na kampuni bado ikakaa kimya, panda ngazi ndani yake kwanza, kutoka kwa mhasibu hadi meneja wa fedha, ukiambatanisha barua ya awali yenye mhuri. Ikiwa anayekwama ni benki, kwa mfano benki iliyotuma inakataa kukupa namba iliyosafiri, andika malalamiko rasmi kwa benki hiyo. Kanuni za Benki Kuu ya Tanzania za kuwalinda watumiaji wa huduma za fedha, za mwaka 2019, zinataka malalamiko yaanzie kwa mtoa huduma. Usiporidhika na majibu ndipo unayapeleka Benki Kuu. Mgogoro na kampuni yenyewe unaweza kuishia mahakamani. Madai yatokanayo na mkataba yana miaka 6, Tanzania na Kenya, na mahakama hupokea nakala za kumbukumbu za benki zilizothibitishwa na benki yenyewe. Usitupe taarifa zako kabla ya miaka hiyo kwisha.

Serikali ya Tanzania ilitatua tatizo hili kwa malipo yake kwa kutumia kontroli namba, tarakimu 12 zinazotolewa kwa kila ankara na mfumo wa GePG. Namba isiyokuwepo mfumo unaikataa kabla pesa haijatoka, kwa hiyo hakuna anayelipa "kiwanja" tu. Baadhi ya benki zinatoa huduma ya namna hiyo kwa shule na kampuni binafsi. Ukiona kampuni inayokusanya mamilioni kwa awamu bado inawategemea wateja waandike maelezo kwa mkono, iulize kwa nini haijachukua huduma hiyo.

Mahali ambapo bado unaandika mwenyewe, anza na namba ya mkataba kisha jina, kwa sababu nafasi ya maelezo hukatwa mwishoni na kinachopotea ni cha nyuma. Usichanganye malipo ya watu wawili katika muamala mmoja. 900,000 moja haifanani na awamu yoyote kwenye orodha ya mhasibu. Na ikiwa unajua mwenzako ndiye atakayekulipia, iandikie kampuni kabla pesa haijatoka, utaje jina la mwenye akaunti, benki yake na kiasi. Mhasibu akilikuta jina hilo Jumatatu asubuhi, ataliingiza kwenye ukurasa wako bila kumpigia simu mtu yeyote.